Poti ya 48 Inapogoma

Ofisi nyingi za ghorofa mbili au tatu hapa Dar es Salaam zimejengwa mtandao kwa namna ileile. Swichi moja iko chini, kwenye chumba cha seva, pamoja na ruta ya intaneti. Nyingine iko juu, kwenye kabati dogo la ukutani, na kompyuta zote za ghorofa hiyo zimechomekwa humo. Kati ya swichi hizo mbili kuna kebo moja tu. Poti zikiwa za gigabiti, basi wafanyakazi thelathini au arobaini wa juu wanagawana gigabiti moja, na siku kebo hiyo ikikatika ghorofa nzima inakaa bila kazi.

Wazo la kwanza la mtu yeyote ni kuvuta kebo ya pili. Ukiichomeka hivihivi haisaidii kitu, kwa sababu njia mbili kati ya swichi mbili ni mduara. Fremu inayotangazwa kwa wote ingepanda kwa kebo moja, ikateremka kwa nyingine na kuzunguka bila kikomo hadi mtandao uzimike. Kinga ya mduara huo ni itifaki ya STP, aliyoibuni Radia Perlman mwaka 1985 akiwa katika kampuni ya DEC, na karibu kila swichi ya ofisini inayo. Kazi yake ni kuziba njia moja na kuacha nyingine. Kwa hiyo kebo ya pili itakaa ikisubiri ya kwanza ife. Umepata akiba, lakini kasi hujaongeza hata kidogo.

Poti chaneli ndiyo inayoondoa tatizo hilo. Swichi zote mbili zinaambiwa zihesabu kebo hizo mbili kuwa poti moja. STP ikitazama inaona njia moja, hivyo haina cha kuziba, na kebo zote mbili zinabeba mzigo. Ili swichi zikubaliane kuhusu jambo hilo bila kubahatisha zinatumia LACP, itifaki iliyowekwa kwenye kiwango cha IEEE 802.3ad mwaka 2000 na kuhamishiwa 802.1AX mwaka 2008. Kwa kuwa ni kiwango cha wote, swichi ya kampuni moja inaelewana na ya kampuni nyingine.

Yafaa kujua LACP inasema nini, maana dawa ya poti inayogoma imo humo. Kila poti iliyomo kwenye kundi inatuma ujumbe mfupi kwa poti ya upande wa pili, kila baada ya sekunde 30, au kila sekunde moja ukichagua mwendo wa haraka. Katika ujumbe huo swichi inajitambulisha kwa kitambulisho kinachotokana na anwani yake ya MAC, inataja namba ya poti, na inataja namba nyingine iitwayo ufunguo. Poti zenye ufunguo mmoja ndizo zinazoweza kufungwa pamoja. Ujumbe unaishia kwa jirani tu, kwani swichi inayoupokea haiupitishi mbele. Poti ikikosa kuusikia mara tatu mfululizo, yaani sekunde 90 kwa mwendo wa kawaida au sekunde 3 kwa mwendo wa haraka, inatolewa kwenye kundi.

Kwa hiyo kila poti inayoingia imejibiwa maswali mawili: je, jirani yangu ni yuleyule wa wenzangu, na je, mimi na wenzangu tunafanana? Jibu la mojawapo likiwa hapana, poti inabaki nje.

Sasa tuijenge. Nitatumia mfano wa swichi mbili za Cisco Catalyst zenye poti 48 kila moja, tukiunganisha poti ya 47 na ya 48 za chini na namba hizohizo za juu. Mtandao una VLAN mbili, ya 10 kwa wafanyakazi na ya 20 kwa simu. Maagizo haya yanaandikwa kwenye swichi zote mbili:

```
interface range GigabitEthernet1/0/47 - 48
 shutdown
 switchport mode trunk
 switchport trunk allowed vlan 10,20
 channel-group 1 mode active
 no shutdown
```

Neno `active` linamaanisha poti itaanza kuongea yenyewe. Kuna `passive` pia, ambayo poti inangoja kusemeshwa kwanza. Pande zote mbili zikiwa `passive`, kila mmoja anamngoja mwenzake na kundi haliundiki kamwe. Mimi huandika `active` pande zote mbili na sijaona sababu ya kufanya vinginevyo.

Hiyo `shutdown` ya mwanzoni wengi wanairuka. Iko pale kwa sababu wakati unaandika, upande mmoja unakuwa na kundi na mwingine bado. Zima poti, andika pande zote mbili, kisha ziwashe. Kama swichi ya juu unaifikia kupitia kebo hizohizo, panda na kompyuta mpakato yako na kebo ya konsoli, usijikatie njia ya kurudi. Na tangu siku hiyo, mabadiliko yote ya VLAN yanaandikwa kwenye `interface Port-channel1`, kamwe si kwenye poti ya 47 au 48 peke yake. Tutaona kwa nini.

Baada ya kuwasha, unaitisha `show etherchannel summary`. Ukibahatika, poti zote mbili zina herufi `P`. Katika mfano wetu hali ni hii:

```
Group  Port-channel  Protocol    Ports
------+-------------+-----------+---------------------------
1      Po1(SU)       LACP        Gi1/0/47(P) Gi1/0/48(s)
```

Hapa ndipo fundi mchanga hukuita. “Kaka, mbona taa zote mbili zinawaka na hii moja haiingii?” Taa inasema tu kwamba umeme wa mawasiliano unafika kwenye kebo. Herufi iliyo kwenye mabano inasema zaidi, na ndiyo ya kusoma kabla ya kugusa chochote.

`P` ni poti iliyo ndani ya kundi na inafanya kazi. `D` ni poti iliyolala kabisa: kebo haijachomekwa, imekatika, au mtu ameizima kwa agizo. Kwa `D` usihangaike na LACP, maana hakuna hata njia ya kupitishia ujumbe wake. `s` ndogo, kama yetu, ni poti iliyosimamishwa: waya uko hai lakini swichi imekataa kuiingiza. `I` ni poti inayojitegemea kwa kuwa haikusikia LACP kutoka ng’ambo, ingawa swichi nyingine kwa hali hiyohiyo huandika `s`. Ndiyo sababu herufi peke yake haitoshi kuhukumu. Inakuambia tu utafute upande gani.

Ukishajua ni `s`, sababu yenyewe huwa tayari imeandikwa. Swichi huandika kwenye kumbukumbu yake kila inaposimamisha poti, na agizo `show logging` linaitoa:

```
%EC-5-CANNOT_BUNDLE2: Gi1/0/48 is not compatible with
Gi1/0/47 and will be suspended (speed of Gi1/0/48 is
100M, Gi1/0/47 is 1000M)
```

Poti ya 47 inakwenda megabiti 1000 kwa sekunde, ya 48 inakwenda 100. Hazifanani, kwa hiyo hazifungwi pamoja. Agizo `show interfaces status` linathibitisha: kwenye safu ya kasi, ya 47 ina `a-1000` na ya 48 ina `a-100`. Ile `a` ya mbele inaonyesha kwamba hakuna aliyeipanga kasi hiyo kwa mkono. Poti za pande mbili zimeafikiana zenyewe.

Kwa nini swichi isikubali tu ya polepole iongezee kidogo? Kwa sababu inapogawa mzigo haiangalii uwezo wa kebo. Inachukua anwani za fremu, inazipiga hesabu, na jibu linaitaja kebo. Ingekuwa na kebo ya 1000 na ya 100, bado ingepeleka takriban nusu ya mazungumzo kwa kila moja. Wale waliopangiwa kebo ya 100 wangelalamika mtandao mzito na wengine wangeshangaa wanalalamikia nini. Hali hiyo ni mbaya kuliko kubaki na kebo moja nzima, na swichi iko sahihi kukataa.

Basi swali limehama. Poti hizi zote mbili zimetengenezwa kwa gigabiti, sasa kwa nini zimeafikiana 100? Jibu limo ndani ya kebo.

Kebo ya mtandao ina nyaya nane zilizosokotwa mbilimbili, yaani jozi nne: ya chungwa, ya kijani, ya buluu na ya kahawia. Etherneti ya megabiti 100 inatumia jozi mbili tu, ya chungwa na ya kijani, zinazokaa kwenye pini 1, 2, 3 na 6. Ya gigabiti inahitaji jozi zote nne. Jozi ya buluu au ya kahawia ikikatika, kebo bado inafaa kabisa kwa 100 na haifai hata kidogo kwa 1000.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba mazungumzo ya kuafikiana kasi yanapita kwenye jozi zilezile za chungwa na kijani. Kwa hiyo poti mbili zinasemezana vizuri, kila moja inasema ina uwezo wa gigabiti, zinakubaliana, kisha zinajaribu kuwasha jozi nne na kushindwa. Baadhi ya swichi zikishindwa mara kadhaa zinashuka zenyewe hadi 100, na ndipo unapata `s`. Nyingine hazishuki, zinajaribu, zinaanguka, zinajaribu tena, na unachokiona ni `D`. Ubovu ni uleule wa uzi mmoja, ila swichi hii imeandika herufi moja na ile nyingine. Ndiyo maana ninaposikia poti ya gigabiti haiamki ilhali kebo “imepimwa na iko sawa”, nauliza kwanza imepimwa kwa kasi gani.

Kuna mafundi ambao hapa hufunga kasi ya 100 kwenye poti zote mbili. Herufi zinakuwa `P` mbili na kazi inaonekana imekwisha. Lakini ofisi iliyokuwa na gigabiti moja sasa ina megabiti 200, na uzi mbovu bado uko palepale.

Njia ya haki ni kuitafuta jozi iliyokatika. Swichi nyingi za aina hii zinaweza kupima kebo ya shaba zenyewe: zinatuma mpigo wa umeme kwenye kila jozi na kusikiliza mwangwi wake. Mpigo ukifika mahali waya ulipokatika unarudi, na muda uliotumika unageuzwa kuwa umbali. Maagizo ni mawili, na kati yake unangoja sekunde chache:

```
test cable-diagnostics tdr interface gi1/0/48
show cable-diagnostics tdr interface gi1/0/48
```

Kipimo hiki huangusha poti kwa muda mfupi, kwa hiyo usikifanye kwenye poti inayobeba kazi za watu. Ya kwetu iko nje ya kundi, tunapima bila wasiwasi. Jibu kutoka swichi ya chini: jozi A, B na C ni `Normal`, jozi D ni `Open` kwenye umbali wa mita 30 hivi. Kwa Cisco, D ni pini 7 na 8, jozi ya kahawia.

Kebo yote, kutoka kabati la chini hadi la juu, ina mita thelathini na kidogo. Kipimo kinaweza kupotoka kwa mita kadhaa, kwa hiyo bado hatujui kama tatizo ni kebo fupi ya juu, ni paneli ya juu, au ni ile kebo ndefu ya ukutani karibu na mwisho wake. Tulichokwisha kujua ni kwamba chumba cha seva hakina kosa, na hilo limetuokoa tusibomoe mpango wa kabati la chini. Tunapanda juu, tunapima kutokea huko, na D inaonekana imekatika ndani ya mita mbili za kwanza.

Kwanza inabadilishwa kebo fupi kati ya swichi na paneli, kwa sababu ni rahisi na ndiyo inayokanyagwa na kubanwa na mlango wa kabati. Kasi inabaki 100. Basi ni paneli. Ukiigeuza nyuma na kumulika kwa tochi ya simu, unaona nyaya nane za namba hiyo zimepangwa kwenye meno yao. Saba zimezama hadi chini. Uzi wa nane, wa kahawia tupu, umekaa juu ya jino, ganda lake la plastiki halijachanwa na shaba haijagusa chuma. Aliyeufunga aliukandamiza kidogo tu akaendelea na mwingine. Uzi wenyewe una urefu wa kutosha, kwa hiyo unakatwa ncha, unarudishwa kwenye jino lake na kukandamizwa kwa kifaa chake hadi kisikike kikigonga.

Poti inaanguka na kuamka, safari hii kwa `a-1000`. Muda mfupi baadaye herufi inageuka `P`. Kabla ya kufunga mlango wa kabati kuna mambo mawili ya kufanya. Itisha `show lacp neighbor` na uhakikishe kitambulisho cha jirani ni kilekile kwa poti ya 47 na ya 48. Kisha anzisha `ping` isiyokoma kutoka kompyuta ya juu kwenda kwenye ruta, na uchomoe kebo moja. Pengine itapotea pakiti moja au mbili, kisha safari inaendelea. Irudishe, fanya hivyo kwa ya pili.

Kile kitambulisho cha jirani nakisisitiza kwa sababu kinafichua kosa ambalo kebo nzima isingelionyesha. Tuseme kabati la juu lina swichi mbili, na aliyechomeka ameweka kebo ya pili kwenye swichi isiyo yake. Kasi zinalingana, kila uzi uko mahali pake, taa zinawaka. Lakini LACP inasikia jirani mmoja kwenye poti ya 47 na jirani mwingine kwenye ya 48, na haiwezi kuzifunga pamoja. Hapo utahangaika na kebo siku nzima, ilhali kulinganisha vitambulisho viwili kwenye skrini ni kazi ya dakika moja.

Sababu nyingine ya `s` inakuja miezi kadhaa baada ya mtandao kufanya kazi vizuri. Mtu anaongeza VLAN ya 30 na, badala ya kuandika kwenye `Port-channel1`, anaandika kwenye poti ya 48. Sasa orodha za VLAN za poti mbili hazifanani, na ya 48 inasimamishwa. Kumbukumbu itasema wazi kwamba kinachotofautiana ni VLAN. Andika orodha sahihi kwenye `Port-channel1` nayo itashuka kwa poti zote mbili. Ikiwa ya 48 bado inang’ang’ania ya kwake, ifute hapo.

Swichi inatoa pia njia ya kuacha LACP kabisa, kwa kuandika `mode on` pande zote mbili. Poti zinafungwa pamoja bila kuulizana. Baadhi ya watu huikimbilia LACP inapokataa, na katika mfano wetu isingesaidia, kwa kuwa hata hapo swichi inalinganisha kasi za poti zake yenyewe. Hatari yake kubwa iko pale kati ya majengo mawili panapokuwa na kifaa cha kugeuza faiba kuwa shaba. Faiba ikikatika, kifaa hicho kinaweza kuendelea kuwasha poti ya upande wako. Chini ya `on`, swichi inaona waya uko hai na inaendelea kupeleka nusu ya mazungumzo mahali ambapo hakuna anayepokea. LACP ingekosa salamu za jirani na kuitoa poti hiyo kundini.

Linabaki swali ambalo mhasibu wa ghorofa ya juu atauliza kesho yake: tumeambiwa sasa ni gigabiti mbili, mbona faili langu kubwa linakopiwa kwa kasi ileile ya jana? Na ndivyo itakavyokuwa. Fremu za mazungumzo mamoja zinapita kebo moja mwanzo hadi mwisho, ili zisifike zimepishana. Kompyuta moja ikinakili faili moja kutoka seva moja haitavuka gigabiti moja, hata kundi likiwa na kebo nane. Faida inaonekana watu wengi wanapofanya kazi kwa pamoja.

Hata faida hiyo inaweza kukosekana hesabu ya kugawa mzigo ikiwa mbaya, na kila swichi inajichagulia hesabu ya mzigo unaotoka kwake. Catalyst nyingi kwa kawaida hutazama anwani ya MAC ya anayetuma tu. Kwa mzigo unaoshuka hilo linafaa, kwani kompyuta za juu ni nyingi na kila moja ina anwani yake. Unaopanda kutoka intaneti ni jambo jingine: kila fremu imetoka kwenye ruta, yenye anwani moja ya MAC, kwa hiyo zote zinaangukia kebo moja na ya pili inakaa bure huku herufi ikiwa `P`. Agizo `show etherchannel load-balance` linaonyesha hesabu inayotumika, na hili linaibadilisha kwa swichi nzima ili itazame anwani za IP za pande zote mbili:

```
port-channel load-balance src-dst-ip
```

Liandike swichi ya chini kwanza, kwa kuwa mzigo mwingi wa ofisi unapanda kutoka huko. Kisha tazama `show interfaces` kwa poti ya 47 na ya 48 saa ambayo watu wako kazini, ulinganishe viwango vya `output rate`. Havitalingana sawasawa, na si lazima vilingane. Kimoja kikiwa karibu na sifuri wakati kingine kimejaa, hesabu bado haijapata tofauti za kutosha kwenye anwani. Na kama mzigo wenyewe ni seva mbili tu zinazonakiliana usiku, hakuna hesabu itakayougawa. Hapo inahitajika poti ya gigabiti 10.